Kwenye Skrini Nipo, Kwenye Karatasi Sipo

Siku ambayo Mama alikuwa anaagwa kazini, Fundi aliamka akiwa na kazi moja tu ya kufanya, na ndugu zake walimwambia ni ndogo. Kuprinti. Chukua faili, peleka steshenari, toa nakala arobaini, leta ukumbini kabla ya saa nane. Kazi ndogo bwana ndizo zinazouaga watu.

Huyu Fundi ni fundi wa majokofu. Jina lake la kuzaliwa hata wateja hawalijui, kila mtu anamwita Fundi tu, hadi nyumbani. Na nyumbani kwenyewe ni kwa Mama, nesi wa wodi ya wazazi, ambaye kwa hesabu za damu siyo mama yake. Mama yake mzazi alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Alipofariki, Fundi akiwa hajaota hata meno ya mbele ya pili, Mama alizunguka ule ukuta, akamchukua na kigodoro chake, akarudi naye. Hakukuwa na kikao. Tangu hapo alikula na watoto wa kuzaa wa Mama, Kaka Mkubwa na Dada Mwalimu, sahani moja na akachapwa na fimbo moja. Lakini watu wana midomo. Kila sherehe lazima atokee mmoja aulize, "Na huyu ndiye yule wa kulelewa?" Fundi anacheka, halafu usiku halali vizuri.

Sasa, kulikuwa na kijitabu cha kurasa nne, maisha ya Mama tangu shule hadi kustaafu, kila mgeni apewe chake. Rasimu ya kwanza aliandika Kaka Mkubwa, mhasibu, mtu wa maneno makavu kama risiti. Halafu akamtumia Dada Mwalimu aisafishe. Dada Mwalimu naye akiona maandishi ya mtu mkono unawasha. Akawasha ile kitu ya kompyuta inayoweka rangi kila unapobadilisha neno, akasahihisha, akaandika maoni pembeni, akamrudishia kaka yake, kaka naye akajibu maoni kwa maoni. Wakavutana humo ndani wiki nzima. Fundi hakuulizwa kitu. Yeye alitumiwa faili asubuhi ya siku yenyewe, na ujumbe: "Iko tayari. Printi tu."

Steshenari ilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na duka la vipuri. Kaunta ya kioo iliyopasuka ikabandikwa gundi ya karatasi, feni ya ukutani inayogeuka upande mmoja tu, printa kubwa ya rangi ya vumbi. Dada wa pale alikuwa anakula karanga na kulaminisha vyeti vya mtu kwa wakati mmoja.

"Nimekutumia kwenye barua pepe," Fundi akasema. "Nakala arobaini, pande zote mbili, dada yangu. Nina haraka."

"Wote mna haraka," akasema, akafungua faili. Kwenye skrini palikuwa na rangi nyekundu huku, maneno yamepigwa mstari kule, na vijisanduku vya maneno vimejipanga upande wa kulia kama nguo kwenye kamba.

"Hivyo vyekundu?"

"Vya kwenye skrini tu hivyo. Wanaandikiana wenyewe. Karatasi haina habari navyo." Akabofya, printa ikaguna, ikaanza kutema.

Karatasi ilikuwa na habari navyo, tena zote. Fundi alichukua ya kwanza ikiwa bado ya moto. Maandishi ya Mama yalikuwa yamesukumwa kushoto, yamesinyaa, yanasomeka kwa shida, na kulia kote palikuwa na ugomvi wa ndugu zake, neno kwa neno, na jina la kila aliyesema.

Pale palipoandikwa "alikuwa mpole kwa wote," Mhasibu alikuwa ameandika: "Tuwe wakweli. Mgongo wangu unakumbuka." Chini yake Mwalimu: "Hii ni sherehe, siyo kesi. Mpole ibaki." Chini tena Mhasibu: "Basi weka mpole kwa wagonjwa."

"Zima," Fundi akasema. "Dada, zima hiyo mashine."

Dada akaizima, lakini printa ni kama ng'ombe mwenye kiu, ilikunywa kurasa kadhaa zaidi kabla ya kusikia. Mwenye vyeti, mzee mmoja aliyekuwa amesimama hapo kwa heshima zake zote, akainamia karatasi iliyoanguka sakafuni. "Mgongo wangu unakumbuka," akasoma polepole. "Huyu amelelewa vizuri."

Fundi akaiokota, akazikusanya zote, akazipindua uso chini. Aliona picha nzima: Mama amevaa gauni lake la kitenge kipya, miwani puani, daktari mkuu pembeni yake, halafu anasoma mbele za watu jinsi watoto wake wanavyobishana kama aliwapiga au hakuwapiga.

"Ziondoke zote," akasema. "Sitaki hata kidoti chekundu."

"Tulia, hiyo ndogo," dada akasema, na Fundi akashtuka, maana neno "ndogo" leo lilikuwa na nuksi. Dada akarudi kwenye sehemu ya kuprinti, akafungua ile orodha inayosema kurasa zote, na chini kabisa palikuwa na alama ya tiki kwenye kuprinti marekebisho. Akaiondoa. Picha ya ukurasa pale pembeni ikanyooka, vijisanduku vikapotea, maandishi yakarudi saizi yake.

"Unaona? Ni tiki tu ilikuwa inatutesa."

"Toa moja kwanza," Fundi akasema. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ikatoka moja. Safi kama shuka la wodini. Fundi akasoma ukurasa wa kwanza, akatabasamu, wa pili, akaguna kwa kuridhika. Mpole imebaki. Akageuza wa tatu, ule wa familia, kwenda moja kwa moja kwenye aya yake. Alikuwa anaijua. Kaka Mkubwa alimsomea kwa simu alipoiandika: "Pamoja na watoto wake, Mama alimlea pia kijana wa jirani kama mwanawe, ambaye leo ni fundi wa majokofu anayetegemewa." Siyo kwamba ni maneno matamu sana. Lakini yalikuwa yake, kwenye karatasi, na wageni arobaini wangeyasoma.

Haikuwepo. Aya ya wajukuu, kisha moja kwa moja aya ya kanisa na kwaya. Katikati hamna kitu, hata nafasi.

"Dada, umeruka."

"Kompyuta hairuki."

"Kuna aya hapa. Ya kijana wa jirani."

Dada akashuka kwenye skrini hadi ukurasa wa tatu. "Si hii hapa? Kijana wa jirani kama mwanawe."

Fundi akapinda shingo juu ya kaunta. Kweli ipo. Akaangalia karatasi. Haipo. Akaangalia skrini tena. Ipo.

"Kwenye skrini nipo," akasema, "kwenye karatasi sipo."

"Wewe ndiye wa jirani?" dada akauliza, kisha akajuta, akatafuna karanga moja kwa aibu. "Subiri. Imepigwa mstari, unaona? Nyekundu, na mstari katikati. Maana yake kuna mtu ameikata. Kompyuta inakuonyesha kilichokatwa ili mwenye faili aamue, akubali au akatae. Sasa nilipoiambia isiprinti alama, ikachukulia yote yamekubaliwa. Kilichoongezwa kimeingia, kilichokatwa kimetoka."

"Nani kakubali?"

"Hakuna aliyekubali. Ndiyo hivyo tu inavyoprinti."

Fundi akalichukulia kifriji, kama anavyochukulia kila kitu duniani. Unafungua friji la mteja, maziwa yamechacha. Mteja anafunga mlango, anasema sasa halinuki. Halinuki kwa sababu umefunga mlango, maziwa yapo pale pale. Humu ndani kulikuwa na uamuzi haujaamuliwa, wao wameufungia mlango, na mlango ulipofungwa yeye kabaki nje.

Halafu akaona kijisanduku. Kilikuwa pembeni ya ile aya iliyokatwa, na mwandishi wake alikuwa Mwalimu. Maneno manne.

"Mama amesema hii itoke."

Alikisoma mara ya pili, akaona yale yale. Feni ikageuka ule upande wake mmoja, ikapeperusha karatasi chafu zilizolala kifudifudi. Mzee wa vyeti akapewa vyeti vyake, akaaga, akaondoka. Ingekuwa Kaka Mkubwa ndiye kasema itoke, Fundi angeelewa. Kaka huwa anahesabu kila kitu, huenda alihesabu na damu. Ingekuwa Dada Mwalimu, angejiambia aya ilikuwa ndefu. Lakini Mama? Mama aliyezunguka ukuta? Mama ambaye juzi tu alimpigia simu kumwambia friji linalia, akaenda, akakuta friji halina kosa lolote, Mama alitaka tu mtu wa kula naye maharage?

"Labda ni Mama mwingine," dada akasema, akajua mwenyewe ni ujinga.

"Ni huyo huyo."

"Mlikosana?"

"Hata sijui." Na kweli hakujua. Alianza kupekua kichwani kama mtu anayetafuta waya ulioungua. Alichelewa siku ya mazishi ya mjomba. Alimwambia Mama aache kuweka chungu cha moto kwenye friji. Alisema kwa sauti, ndiyo, lakini kila fundi duniani angesema kwa sauti.

"Kuna njia nyingine," dada akasema. "Niiweke kwenye hali ya mwanzo, kama haijaguswa." Akabadilisha pale juu, sehemu ya kukagua, skrini nzima ikatulia, nyekundu hamna. Aya ya kijana wa jirani ikarudi, imekaa vizuri kama haijawahi kutoka. Fundi akapumua. Kisha akasoma kichwa cha ukurasa wa kwanza. Mama amepunguziwa miaka ya kazi. Tuzo aliyopewa na hospitali mwaka jana haipo. Jina la wodi limekosewa. Kila kizuri alichoongeza Mwalimu kimeondoka pamoja na ubaya wake.

"Hapana," akasema. "Mama atachekwa. Rudisha."

"Basi ni moja moja. Hii aya tu, tukatae kukatwa kwake. Yale mengine yabaki."

"Tukikataa nakuwepo?"

"Ukikataa kukatwa unabaki."

"Na tukikubali?"

"Ukikubali kukatwa umekatwa, kaka. Usiniulize tena, na mimi nachanganyikiwa."

Fundi alishika ukingo wa kaunta palipobandikwa gundi. Saa ya ukutani ilikuwa inamkimbiza. Kama Mama kasema itoke, yeye ni nani wa kuirudisha? Lakini pia, yeye ni nani wa kupeleka kwa mikono yake karatasi arobaini ambazo hayumo? Hata mtu anayefukuzwa hapewi kazi ya kubeba barua mwenyewe.

"Kataa," akasema.

Dada akaweka mshale kwenye ile aya, akabofya kukataa. Mstari ukatoka, wekundu ukatoka, aya ikawa nyeusi ya kawaida kama wenzake. Akaprinti moja, bila zile alama. Akaisoma yeye kwanza, maana alikuwa ameshaingia kwenye hii familia bila kualikwa.

"Hebu kaka. Mama yako ana watoto wangapi?"

"Wa kuzaa? Wawili. Mhasibu na mwalimu."

"Hapa mmeandika watatu."

"Wapi?"

"Juu hapa. 'Mungu amembariki na watoto watatu na wajukuu sita.' Halafu chini ndiyo 'pamoja na watoto wake, alimlea pia kijana wa jirani.' Kwa hiyo ni watatu na wewe wa nne? Huyo wa tatu ni nani?"

Fundi akachukua karatasi. Watatu. Akachukua ile safi ya mwanzo, aliyoisoma kwa kuruka kwenda kujitafuta. Watatu. Akaomba skrini. Pale, "wawili" ilikuwa imepigwa mstari mwekundu, na mbele yake "watatu" imeandikwa kwa nyekundu na kupigiwa mstari chini. Wakati anatafuta aya yake alilipita neno hilo kama mtu anayepita mlango wa kwake kwa kuangalia simu.

Kitu cha kwanza alichofikiria, bila uongo, ni kwamba Mama ana mtoto mwingine mahali. Kwamba huyo mtoto ametokea, na ndiyo maana yeye ametolewa kupisha kiti. Akapiga simu.

Dada Mwalimu alipokea huku nyuma yake viti vya plastiki vinaburutwa. "Fundi, uko wapi? Daktari mkuu ameshafika, anakula biskuti za wageni."

"Watoto watatu ni kina nani?"

"Nini?"

"Kwenye kijitabu. Mwalimu umeandika watatu. Nani wa tatu?"

Viti vikaburutwa tena. "Fundi, umekunywa? Kaka, mimi, wewe. Moja, mbili, tatu. Unataka nikuchoree?"

"Halafu aya yangu mkaikata. Mama amesema hii itoke. Umeandika mwenyewe."

"Kwani alikosea?" Sauti yake ikapungua, kama amesogea pembeni. "Nilikuwa namsomea jikoni ili aidhinishe. Nilipofika pale kwa kijana wa jirani akaweka kisu chini. Akasema, nani huyo wa jirani? Mimi sijalea mtoto wa jirani. Toa hiyo, na huko juu hesabu vizuri. Nikatoa, nikahesabu. Kaka alitaka kubisha, ati wageni watauliza. Mama akasema wakiuliza waje kwake."

Fundi akaweka kidole kwenye skrini, juu ya neno "watatu".

"Fundi? Upo?"

"Nipo."

"Usiniambie karatasi zimetoka na maoni yetu. Fundi. Ile ya mgongo haijatoka."

"Haijatoka," akasema, akakata simu, akaziangalia zile zilizolala kifudifudi.

Dada wa steshenari alikuwa amesikia yote. Simu ya Fundi ina spika mbovu, inasema na mtaa mzima. Alibonyeza kutengua, aya ikarudi nyekundu na mstari wake katikati.

"Nikubali?" akauliza.

"Kubali kukatwa," Fundi akasema, na safari hii alielewa kabisa anachosema. "Kubali yote."

Akakubali yote kwa mpigo. Aya ikatoweka kwenye skrini, na mara hii ilitoweka kweli, hakuna wa kuificha wala wa kuionyesha. Akafuta maoni yote, la mgongo, la kesi na sherehe, hadi lile la maneno manne. Akahifadhi faili kwa jina jipya ili ya zamani isije ikajipenyeza. Fundi akamwomba afunge, afungue tena. Akafungua. Hamna hata kidoti. Akaprinti moja, Fundi akaisoma mwanzo hadi mwisho, bila kuruka, hata ya kwaya.

"Sasa arobaini," akasema.

Printa ilipokuwa inaunguruma, dada akanyoosha mkono kuchukua zile karatasi chafu. "Hizi naziweka, upande wa nyuma tunaandikia hesabu."

"Hizo nazichoma."

"Zote?"

Fundi akazipekua, akatoa moja, ukurasa wa tatu wenye mistari myekundu na kijisanduku pembeni. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati. Nyingine akazichana papo hapo, vipande vidogo kama mchele, dada akimtazama kama anamtazama mtu aliyepigwa na jua.

Ukumbini Mama alikuwa amekaa mbele, gauni lile lile alilowaza Fundi, miwani puani. Alichukua kijitabu cha kwanza, akafungua ukurasa wa tatu bila kupitia wa kwanza wala wa pili. Kidole chake kikatembea kwenye mstari, kikasimama. Kisha akageuza uso mpaka alipompata Fundi, aliyesimama mlangoni na boksi tupu.

"Mbona umechelewa hivyo? Kazi ya kuprinti tu."

"Printa ilisumbua, Mama."

"Ilisumbua nini?"

Fundi akakuna shingo. "Ilikuwa inachanganya hesabu."

Mama alimtazama juu ya miwani. Halafu akavuta kiti kilichokuwa kitupu kati yake na Dada Mwalimu, ambapo Kaka Mkubwa alikuwa ameweka koti lake, akalitoa lile koti, akamrushia mwenyewe.

"Kaa," akasema. "Na ukimaliza kula, pita nyumbani. Friji linalia tena."